Kupima ukurasa wa kwanza wa andiko la mkopo: tatizo, dai na ombi

Swali: Shikamoo mshauri. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake 12 tunaokausha dagaa kwenye mwalo mmoja wilayani Ukerewe. Tulipeleka andiko la kuomba mkopo wa vichanja kwenye Saccos, likarudishwa kwa neno moja tu: "Halijaeleweka." Nimekuambatanishia andiko lote na kurasa za daftari la mauzo la mwaka jana. Ufunguzi wetu ni huu: "Nchi yetu imebarikiwa maziwa yenye samaki wengi. Hata hivyo, wachakataji wadogo tunakabiliwa na changamoto nyingi, ikiwemo ukosefu wa vichanja vya kisasa. Kikundi chetu kina uzoefu na kimejipanga kuzalisha dagaa wenye ubora wa hali ya juu. Tunaomba mtushike mkono kufanikisha mradi huu." Nitaupimaje mwenyewe kabla ya kuupeleka tena?

Jibu: Marahaba, dada katibu. Nimesoma andiko lote pamoja na daftari. Habari ya kumshawishi mkopeshaji mnayo, ila imekaa ukurasa wa tano na wa sita, na afisa mikopo hakuwa na sababu ya kufika huko.

Anza na tatizo. Mmeandika kwamba mnakosa vichanja. Kukosa vichanja ni kukosa kile mnachotaka kununua, na hakumwambii msomaji mnapoteza nini. Kila mwombaji anakosa kitu, ndiyo maana anaomba. Kwa hiyo chukua sentensi yako ya tatizo uiulize: "Kwa hiyo?" Tunakosa vichanja. Kwa hiyo? Tunaanika mchangani. Kwa hiyo? Mvua ikinyesha kabla dagaa hawajakauka, wanalowa, wanabadilika rangi na kuanza kunuka, na siku hiyo mnunuzi wa chakula cha watu hawataki. Kwa hiyo? Tunawauza kama chakula cha kuku. Hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu umefika kwenye fedha inayopotea.

Daftari lenu linaonyesha ni kiasi gani. Mwaka jana mliuza kilo 4,800 za dagaa wakavu. Kati ya hizo, kilo 800 zilipigwa mvua wakati wa vuli na masika, zikauzwa kwa Sh 2,500 kwa kilo, wakati dagaa wa kula mliwauza Sh 6,000. Pengo ni Sh 3,500 kwa kila kilo, yaani Sh 2,800,000 kwa mwaka. Hilo ndilo tatizo lenu. Lina mwenye kuumia, lina majira yake, lina kiasi, na afisa anaweza kulihakiki kwa kufungua daftari lilelile.

Kipimo cha pili cha tatizo ni kufuta neno "dagaa" na kuweka "maembe" au "mihogo". Sentensi ikiendelea kusimama bila kutikisika, bado haijasema chochote kuhusu ninyi. "Wachakataji wadogo tunakabiliwa na changamoto nyingi" itamfaa mkausha maembe wa Tabora bila kubadilisha herufi. Sentensi ya maziwa na baraka zake nayo itolewe. Afisa wa Saccos ya Ukerewe anaishi kisiwani, ziwa analiona kila siku.

Sasa dai kuu. Dai ni ile sentensi inayosema: mkitukopesha, kitu hiki kitabadilika kwa kiasi hiki, kwa sababu hii. Lipime kwa kujaribu kulikanusha. "Tutazalisha dagaa wenye ubora wa hali ya juu": nani atasimama aseme hapana, mtazalisha wabovu? Lisiloweza kupingwa halimpi msomaji cha kuamini. Linganisha na hili: "Vichanja vyenye kifuniko cha nailoni vitaokoa robo tatu ya dagaa wanaoharibiwa na mvua." Hili mtu anaweza kulibishia, na ninyi mnaweza kulitetea, maana ukurasa wa tano mmeeleza kwamba wakati wa vuli mlijenga vichanja viwili vya majaribio, na katika kila kilo nne za dagaa waliokutwa na mvua juu yake, kilo tatu ziliuzwa kwa bei ya chakula cha watu. Jaribio hilo lina nguvu kuliko sifa zote mlizojipa, na limefichwa nyuma ya historia ya kikundi.

Hapa kuna hatari moja ya kuiangalia. Ukurasa wa nne mmeandika kwamba vichanja "vitamaliza kabisa" upotevu. Yeyote aliyewahi kuanika dagaa atajua si kweli. Kichanja kinawainua dagaa kutoka kwenye mchanga na kuruhusu hewa kupita chini ya wavu, hivyo wanakauka upesi, na nailoni inazuia mvua ya ghafla. Lakini mvua ikikaa kutwa nzima na kesho yake pia, dagaa wabichi wataoza wakiwa wamefunikwa vizuri. Ndiyo maana kilo moja katika nne ilipotea hata kwenye jaribio lenu. Semeni robo tatu, msiseme yote. Mjumbe wa kamati ya mikopo ambaye mke wake au dada yake anauza dagaa atawaamini zaidi mkitaja mpaka wa chombo chenu kabla yeye hajautaja.

Kisha ombi. Kipimo chake ni kama msomaji anaweza kujibu "ndiyo" au "hapana" papo hapo. "Mtushike mkono" hakuna anayeweza kulipigia kura. Kamati inataka kujua kiasi, matumizi, muda wa marejesho na mpangilio wake. Kwenye jedwali lenu la ukurasa wa saba mnataka vichanja 20 vya Sh 180,000 kila kimoja, pamoja na nailoni za Sh 600,000. Jumla ni Sh 4,200,000, na mmependekeza kulipa kwa miezi 12.

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa sababu sehemu zote tatu zinaweza kufaulu kila moja peke yake na bado zisibebane. Ziwekeni kwenye mstari mmoja. Tatizo ni hasara ya Sh 2,800,000 kwa mwaka. Dai ni kuokoa robo tatu yake, yaani Sh 2,100,000. Ombi ni Sh 4,200,000 zirudi ndani ya mwaka mmoja. Fedha itakayookolewa ni nusu ya deni, na riba bado. Nadhani afisa aliona kitu cha namna hii, au hakuona namna ya kukokotoa, akaandika "halijaeleweka".

Mkiongeza muda hadi miezi 24, mkopo unadai Sh 2,100,000 kila mwaka, sawasawa na mnachookoa, bila shilingi ya riba na bila akiba ya mwaka mbaya. Bado haitoshi. Lakini ukurasa wa sita mnataja, kwa kupita tu, kwamba mfanyabiashara wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, aliwaambia ataongeza Sh 500 kwa kila kilo ya dagaa wasio na mchanga. Dagaa wenu ambao hawakuguswa na mvua ni kilo 4,000. Ongezeko lake ni Sh 2,000,000 kwa mwaka. Hapo faida mpya inafika Sh 4,100,000 kwa mwaka dhidi ya deni la Sh 2,100,000 na riba yake, na hesabu inapumua.

Maana yake mchanga ni sehemu ya tatizo lenu sawa na mvua, na lazima uwe kwenye ufunguzi. Maana nyingine ni kwamba karibu nusu ya hesabu yote imeegemea neno la mtu mmoja. Mwombeni mnunuzi huyo aandike barua fupi yenye bei na kiasi atakachochukua, kisha iambatanisheni. Akikataa kuandika, msiitumie hiyo Sh 500. Punguzeni idadi ya vichanja au ombeni muda mrefu zaidi, mkokotoe upya.

Mpangilio wa marejesho nao uandikwe kwa mujibu wa kazi yenu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea wavuvi hupumzika. Mkikubali marejesho ya kila wiki, kuna wiki zitafika hamna hata ndoo moja ya kuanika. Ombeni ya kila mwezi, mseme sababu kwa sentensi moja.

Ufunguzi wenu mpya unaweza kusomeka hivi:

"Mwaka jana kikundi chetu kilikausha kilo 4,800 za dagaa kwa kuanika mchangani. Kilo 800 zilipigwa mvua, tukaziuza kama chakula cha kuku na kupoteza Sh 2,800,000. Zilizobaki tuliuza bei ya chini kwa sababu ya mchanga. Vichanja viwili tulivyovijaribu wakati wa vuli viliokoa robo tatu ya dagaa waliokutwa na mvua, na mnunuzi wetu wa Kirumba ameahidi kwa barua kuongeza Sh 500 kwa kilo ya dagaa wasio na mchanga. Kwa vichanja 20 tunatarajia nyongeza ya Sh 4,100,000 kwa mwaka. Tunaomba mkopo wa Sh 4,200,000, tuulipe kwa miezi 24, kila mwezi, kwa kuwa siku za mbalamwezi hatuna mauzo."

Kabla ya kuupeleka, mpe asome mtu asiyeujua mradi, tuseme fundi cherehani wa jirani. Mwachie ukurasa dakika moja, uuchukue, kisha muulize: nani anapoteza nini, tunadai nini kitabadilika, na tunataka upitishe nini? Andika majibu kwa maneno yake, usimsahihishe. Akisema "mnataka msaada wa vichanja", ombi halijafika. Akisema "mnataka kuboresha", dai limepotea. Akikutajia mvua, mchanga, milioni nne na miezi 24, umefaulu upande wa kueleweka. Halafu mpe mtu wa pili, safari hii mchuuzi wa dagaa mwenye ulimi mkali, umwombe atafute uongo. Wa kwanza anapima kama ukurasa unaeleweka, wa pili anapima kama unaaminika.

Ufunguzi mzuri hauwezi kuziba pengo la dhamana au usajili, kwa hiyo muulizeni afisa mapema Saccos inadai nini kwa vikundi. Na mkiamua kuomba pia ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, msipeleke ukurasa huuhuu. Mkopo ule hauna riba, hivyo hesabu ya marejesho inabadilika. Tatizo na dai vibaki kama vilivyo, aya ya ombi ndiyo iandikwe upya.