Wingu la maneno kwa majibu ya dodoso: linafaa au nitafute njia nyingine?

*"Nina majibu 200 ya swali la wazi, 'Nini kiboreshwe katika mafunzo?' Bosi anataka wingu la maneno kwenye ripoti. Je, linatosha?"*

Halitoshi: wingu la maneno huchora neno kubwa zaidi kadiri linavyorudiwa, na kwa majibu ya Kiswahili hilo linapotosha zaidi. Nimechambua madodoso ya aina hii kwa muda mrefu, na naona kasoro inaonekana vizuri ukichukua majibu machache tu. Tuseme wanne wameandika: "Mwalimu anachelewa", "Vipindi vilichelewa kuanza", "Tulisubiri sana asubuhi" na "Muda hauzingatiwi". Wa tano ameandika: "Ukumbi ni mzuri, ukumbi una hewa, sina tatizo na ukumbi." Neno kubwa kuliko yote litakuwa "ukumbi", ambalo limetajwa na mtu mmoja, tena kwa kusifu. Malalamiko ya watu wanne hayataonekana, kwa sababu programu huhesabu maumbo ya maneno, na kwake "anachelewa" na "vilichelewa" ni maneno mawili yasiyohusiana. Neno "tatizo" nalo litaingia, ilhali "sina" iliyolikanusha imebaki kando.

Kwa hiyo hesabu watu waliogusa mada, usihesabu maneno. Soma kwanza majibu kama 50, uandike mada zinazojitokeza, na kila mada uipe maelezo ya sentensi moja yanayosema kipi kinaingia na kipi hakiingii. Kisha soma majibu yote katika lahajedwali kama Excel, kila jibu katika mstari wake na kila mada katika safu yake, ukiweka 1 pale ilipoguswa na 0 pale ambapo haikuguswa. Jibu moja laweza kuwa na mada mbili au tatu. Ikiwa majibu yako katika safu A na mada ya kwanza katika safu B, asilimia hupatikana hivi:

```
=SUM(B2:B201)/COUNTA(A2:A201)*100
```

Kabla ya kuamini namba hizo, mpe mwenzako majibu kama 40 ayapange bila kuona ulivyoyapanga wewe. Mkitofautiana mara nyingi kwenye mada ileile, kwa mfano "muda" ikichanganya kuchelewa na urefu wa mafunzo, basi maelezo yake ni legevu. Igawe mada hiyo, kisha rudia kuyapanga majibu yake. Hatua hii inachosha, lakini ndiyo ninayoithamini kuliko zote.

Katika ripoti, weka grafu ya mihimili iliyolala, mada iliyotajwa na wengi ikiwa juu, na chini ya kila mhimili nukuu moja fupi isiyomtambulisha aliyeiandika. Eleza pia kwamba asilimia zinaweza kuzidi 100 zikijumlishwa, kwa kuwa mtu mmoja aliweza kutaja mambo kadhaa. Na mada ikitajwa na asilimia 12, usiandike kwamba asilimia 88 wameridhika nayo: hao hawakuitaja tu, na kama bosi anataka kujua wanaionaje, itabidi waulizwe kwa swali la kuchagua jibu.