Kutoa picha kwenye video kila baada ya sekunde kadhaa: jina la picha liseme ni sekunde ya ngapi

Kama unaorodhesha kanda za zamani za familia, zile za harusi, mahafali, maulidi na misiba ambazo fundi alishazihamisha toka VHS kwenda DVD, njia nzuri kuliko zote ni kutoa picha moja kila baada ya sekunde 10 alafu unaorodhesha kwa kuangalia picha badala ya kukaa unaangalia video masaa mawili. Mi nimefanya hivi kwa kanda nyingi za nyumbani na za majirani, na ninachosisitiza kwa kila anayeniuliza ni kimoja tu, kwamba ukiishika picha mkononi lazima uweze kusema imetoka sekunde ya ngapi ya video ipi, bila kubahatisha. Picha isiyojulikana imetoka wapi haikusaidii kitu, manake kesho shangazi akisema "hapo hapo, nitolee hicho kipande cha bibi anacheza" utaanza kutafuta upya.

Watu wengi wanaanza na hii komandi ya ffmpeg, programu ya kuchakata video kwa kuandika komandi, ipo kila mahali:

```
ffmpeg -i kanda014.mkv -vf fps=1/10 -q:v 2 picha_%05d.jpg
```

Inafanya kazi, picha zinatoka safi kabisa, ila ukihesabu kwamba picha ya kwanza ni sekunde 0, ya pili sekunde 10, ya tatu sekunde 20, umepotea. Hiyo `fps` isipoambiwa vinginevyo inakadiria kwenda namba ya karibu, kwa hiyo inachukua fremu ya katikati ya kipande, picha ya kwanza inaangukia karibu na sekunde ya 5, ya pili karibu na 15, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Kwa sekunde 10 tofauti ni 5 tu na pengine hutaiona, lakini ukiweka picha moja kwa dakika (`fps=1/60`) unakuwa umekosea nusu dakika nzima kwenye kila mstari wa orodha yako. Kuhakikisha ni rahisi, chukua picha yoyote ya mtu akiwa kwenye mwendo, mfano anakata keki, fungua video kwenye VLC nenda kwenye muda uliodhani, uone kama ni tendo lile lile. Kama unataka kubaki na komandi hiyo hiyo basi andika `fps=1/10:round=up`, hapo inaanzia sekunde 0 kisha 10 kisha 20, ilimradi picha ya video yenyewe inaanza sekunde 0.

Na kuna wanaohesabu fremu badala ya sekunde, yaani wanasema video ina fremu 25 kwa sekunde basi nichukue moja kila baada ya 250. VLC nayo ile sehemu yake ya kuhifadhi picha inahesabu hivyo hivyo. Kwa kanda za kwetu za mfumo wa tivii wa PAL inakubali, manake PAL ni fremu 25 kamili, ila kanda aliyotuma ndugu toka Marekani ni NTSC, ile ni 29.97, ukichukua kila fremu ya 300 unachelewa sekunde 0.01 kila picha na baada ya saa moja zimeshafika sekunde 3.6. Video za simu ndo mbaya zaidi, simu inabadilisha idadi ya fremu kutokana na mwanga, ukumbini gizani inapunguza, nje juani inarudisha, kwa hiyo kuhesabu fremu pale hakukupi muda wowote wa kuaminika. Hesabu sekunde, achana na fremu.

Njia ninayoitumia mimi ni kuruka moja kwa moja kwenye kila sekunde ninayoitaka na kuiandika sekunde hiyo kwenye jina la faili. Nitaeleza kwa kanda moja halisi, kanda ya E-120 ya harusi ya mwaka 1996 iliyokuja kwangu ikiwa kwenye DVD.

DVD kwanza. Ukifungua folda ya VIDEO_TS utakuta video imekatwa vipande, VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB, kila kimoja hakizidi GB 1. Usitoe picha kwenye vipande hivyo kimoja kimoja, manake muda wa kipande cha pili hauanzii sifuri kama unavyotegemea, na pia faili za VOB hazina faharasa nzuri kwa hiyo kuruka ndani yake kunaangukia pembeni. Unganisha kwanza kuwa faili moja ya mkv, hapa hakuna kinachopotea kwenye ubora, ni kuhamisha tu:

```
ffmpeg -fflags +genpts -i "concat:VTS_01_1.VOB|VTS_01_2.VOB" -c copy kanda014.mkv
```

Alafu uliza urefu wake:

```
ffprobe -v error -show_entries format=duration -of csv=p=0 kanda014.mkv
```

Yangu ilijibu 6730.240000, yaani saa 1 dakika 52 na sekunde 10. Sasa zunguka toka 0 mpaka 6730 kwa hatua za 10:

```
for t in $(seq 0 10 6730); do
  ffmpeg -v error -ss $t -i kanda014.mkv -frames:v 1 \
    -vf "yadif,scale=768:576,setsar=1" -q:v 2 \
    kanda014_$(printf %05d $t).jpg
done
```

Hii ni ya terminali ya Linux au Mac, kwenye Windows tumia WSL. Angalia `-ss` imekaa kabla ya `-i`, hiyo ni muhimu, ikikaa hapo ffmpeg inaruka mpaka karibu na sekunde yenyewe ndo inaanza kusoma, ukiiweka baada ya `-i` inasoma video toka mwanzo mpaka sekunde hiyo kila mara na kazi ya dakika chache inakula mchana mzima. Usahihi haupungui, inaruka kwenye fremu kuu iliyo nyuma kisha inasogea mpaka sekunde uliyotaja. Mwisho unapata kanda014_00000.jpg, kanda014_00010.jpg, kanda014_00020.jpg, na jina lenyewe ndo jibu. Hata picha ikihamishwa folda, ikitumwa WhatsApp kama dokumenti, ikirudi bado inajua ilikotoka. (Ikitumwa kama picha ya kawaida WhatsApp inabadilisha jina, kwa hiyo waombe ndugu wakurudishie namba.)

Yale maneno ndani ya `-vf` yana sababu. Kanda za VHS na kamera za zamani zinarekodi picha kwa mistari inayopishana, nusu ya mistari inachukuliwa kwanza na nusu nyingine kitambo kidogo baadae, video ikiwa inacheza kwenye tivii huoni kitu ila ukisimamisha picha moja mtu anayetembea kingo zake zinakuwa kama meno ya kitana. `yadif` inaondoa hiyo. Na DVD ya PAL inahifadhi pikseli 720 kwa 576 lakini tivii inaitanua, kwenye faili ya picha programu nyingi haziitanui, ndo maana unaona watu wamebanwa wamekuwa wembamba na keki imekuwa yai, kwa hiyo `scale=768:576` inarudisha umbo la 4:3. Kwa ile kanda ya NTSC weka 640:480. Video ya simu haihitaji hata kimoja kati ya hivi, toa `-vf` na maneno yake yaliyo ndani ya nukuu, ila `-q:v 2` iache ibaki.

Ikiisha hesabu picha, `ls kanda014_*.jpg | wc -l`. Kwa urefu wa 6730 kwa hatua ya 10 lazima ziwe 674 (gawa, kisha ongeza moja ya sekunde 0). Zikipungua moja mwishoni si tatizo, inaweza kuwa sauti imeizidi picha urefu kidogo. Zikipungua nyingi katikati maana yake faili ina sehemu iliyoharibika, na ukipanga majina utaona namba gani imerukwa, hapo irudie DVD uisome tena.

Kwa nini 10 na si 30? Chochote kinachokaa kwenye skrini sekunde 10 au zaidi lazima kikukamatie picha angalau moja, kifupi zaidi ya hapo kinaweza kupita katikati usikione. Harusi inakwenda taratibu, kamera inakaa kwenye meza moja, 10 inatosha. Kanda ya mpira wa mtaani au ngoma ambapo mpiga picha anageuka geuka mi nashuka mpaka 3. Ukitaka kila sekunde 1 basi mzunguko huu unakuwa mzito kwa sababu unaifungua faili upya kila mara, hapo rudi kwenye `fps=1:round=up` inayopita video mara moja tu, na uongeze `-start_number 0` ili namba ya picha iwe ndo sekunde yenyewe.

Sasa kuangalia picha 674 moja moja nako kunachosha, kwa hiyo nazipanga kwenye kurasa. Hapa ndo faida ya 10 inaonekana vizuri, ukipanga picha 6 kwa mstari, kila mstari ni dakika moja, na mistari 10 ni ukurasa wa dakika 10:

```
ffmpeg -pattern_type glob -i 'kanda014_*.jpg' -vf "scale=192:-1,tile=6x10" ukurasa_%02d.jpg
```

Kanda ile ilitoa kurasa 12. Bibi anaonekana anacheza ukurasa wa 9, mstari wa 7, picha ya mwisho. Ukurasa wa 9 unaanzia dakika ya 80, mstari wa 7 ni dakika ya 86, picha ya 6 ni sekunde ya 50, kwa hiyo ni 1:26:50, na faili yake ni kanda014_05210.jpg. Hesabu hiyo hata mama anaifanya kwa kidole, nilimchapishia kurasa kwenye karatasi akakaa nazo na kalamu akaandika majina ya watu pembeni, na wengi aliowataja sisi wengine tusingewajua kabisa.

Majina hayo ndo nayaingiza kwenye Excel, safu ya A sekunde, B muda, C nani, D nini kinaendelea. Muda usiuandike kwa mkono, weka `=A2/86400` na fomati ya seli iwe `[h]:mm:ss`, 5210 inajigeuza kuwa 1:26:50. Usiandike mstari kwa kila picha, andika pale tukio linapobadilika tu, wageni kuingia, keki, zawadi, ngoma, ile harusi nzima haikuzidi mistari 40. Kipande anachotaka shangazi unakikata kwa kutumia sekunde ile ile, anza sekunde 10 kabla, manake picha inakwambia tendo lilikuwa linaendelea wakati huo, haikwambii lilianza lini.