Mtetemo hautibiwi kwa sponji

Wadogo zangu wa karakana, tena nimemkuta mmoja wenu akibandika sponji ya tatu chini ya kontrola ya droni ili kuzima mtetemo. Propela zenyewe zimetoka kwenye pakiti zikaingia kwenye mota, balansa haijaguswa. Haya, sikilizeni.

1. Propela ipimwe kabla ya kufungwa. Bawa jepesi litie kipande cha selotepu upande wa nyuma, basi.

2. Kitovu nacho kina uzito wake. Hapa ndipo tulipoumia, na amri ilikuwa yangu. Droni ilikuwa ya propela za inchi 10. Mabawa yakilazwa yalitulia, tukaridhika. Lakini tulipowasha `INS_LOG_BAT_MASK`, ile parameta ya ArduPilot ya kurekodi mtetemo, na kuchora grafu ya jairo, kihisi cha mzunguko kilichomo ndani ya kontrola, mlima ulisimama kwenye hezi 95. Mota zikielea zilikuwa kwenye mizunguko 5,700 kwa dakika. Gawanya kwa 60, unapata 95 hiyohiyo. Pigo moja kwa kila mzunguko maana yake kuna kitu kimelemea upande. Ingekuwa ni hewa inayopigwa na mabawa mawili, mlima ungekaa 190.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, nami nikasema, "Ongezeni sponji." Mlima ukashuka, tukashangilia. Droni ilipopaa ikaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango wake. Kontrola ni nyepesi mno. Ukiilaza juu ya kitu laini kupita kiasi inacheza kivyake, jairo inapima mchezo huo badala ya mwendo wa fremu, na PID, hesabu inayoamuru mota, inasahihisha kosa ambalo fremu haijalifanya. Nikaanza kushusha P ya PID hiyo, nikaharibu hata kilichokuwa sawa.

Mwishowe tukaisimamisha propela kwenye balansa, bawa moja juu, jingine chini. Ikaangukia kulia. Tukaigeuza, juu ikawa chini: ikaangukia kushoto, upande uleule wa kitovu. Tone la supaglu upande wa pili, subiri likauke, pima tena, mpaka propela ikae popote unapoiacha. Sponji tukabakiza moja nyembamba. Mlima wa 95 ukabaki kichuguu, na kuyumba kukaisha.

3. `INS_HNTCH_ENABLE`, inayowasha kichujio cha mtetemo, iwe ya mwisho. Kila kichujio kinachelewesha jairo kidogo, msikitwike mzigo ambao tone la gundi lingeumaliza.

4. Raba za skrubu zisibanwe mpaka zikawa bapa, maana hapo ni sawa na kufunga chuma kwa chuma. Sukuma kontrola kwa kidole: isogee kidogo, irudi yenyewe. Isiporudi, tazama nyaya kwanza. Waya mnene wa betri uliovutwa ukakaza hupitisha mtetemo moja kwa moja, hata chini pawe na raba ya aina gani, uachieni mkunjo. Na kwa jua letu hili la kaskazi, droni iliyolala ndani ya gari mchana kutwa ikaguliwe pembe za sponji kabla ya kuruka. Gundi ikilegea pembe moja, grafu ya jana haina kazi tena.