Saa inaniamsha usiku

"Saa yangu ya Apple inaniamsha usiku, eti mapigo yako chini ya 50. Nakimbia kila siku, na rafiki amenishauri onyo la mapigo ya juu niliweke 150 kwa sababu ya mbio. Niizime?"

Usizime, kaka. Moyo wa mkimbiaji hushuka hivyo akilala. Kwanza tazama grafu ya usiku ya wiki mbili. Kama kawaida yako ni 44 hivi, fungua Watch kwenye simu, ingia Heart, kisha Low Heart Rate, ushushe hadi 40. Onyo la mapigo ya juu liache 120. Aliyekushauri 150 kwa sababu ya mbio amekosea, maana onyo hilo hulia tu ukiwa umetulia kama dakika 10. Ikilia nawe una kizunguzungu, nenda hospitali.

"Mimi nimeweka 100, kila nikinywa kahawa inalia!"

Sasa wewe pandisha.