Kazi Uliyoifanya Simuni Bila Mtandao: Imefika Chuoni au Bado?

Nilisoma stashahada ya uhasibu kwa masafa nikiwa karani wa stoo katika shamba la mkonge lililo kati ya Muheza na jiji la Tanga. Kambini kwetu mtandao ulipatikana kwa kusimama juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, na hata hapo ulitosha kwa ujumbe mfupi tu. Kila Jumatano nilipelekwa mjini kushughulikia nyaraka za mizigo, na hizo saa chache za Jumatano ndizo zilizoamua kama wiki ile ningesoma au nisingesoma.

Chuo changu kilitumia Moodle, mfumo ambao vyuo vingi huutumia kuweka masomo mtandaoni, na mfumo huo una programu yake ya simu inayopatikana bila malipo. Programu hiyo humwezesha mwanafunzi kupakua somo akiwa na mtandao, kulisoma akiwa hana mtandao, na hata kujibu baadhi ya majaribio humohumo simuni. Niliitumia kwa miaka miwili, na ninachotaka kukieleza hapa ni jambo moja lililonigharimu alama kabla sijalielewa, nalo ni kwamba kazi iliyokamilika kwenye simu yako si lazima iwe kazi iliyofika chuoni.

Wiki hiyo tulikuwa na jaribio la maswali 12 kuhusu usuluhisho wa hesabu za benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na mwisho wa kulifanya ulikuwa Jumapili usiku. Jumatano nikiwa mjini nililianzisha kwenye simu, nikahakikisha limepakuliwa, kisha nikarudi shambani bila kujibu hata swali moja. Ijumaa jioni nilikaa na daftari na kikokotoo kwa karibu saa mbili, nikajibu maswali yote, nikabonyeza "Submit all and finish", nikalala nikiwa na amani. Kwenye ukurasa wa jaribio kulikuwa na sentensi ndogo ya Kiingereza, "This Quiz has offline data to be synchronised", yaani kuna majibu ambayo bado hayajatumwa, lakini sikuipa uzito.

Jumamosi nilipata lifti ya kwenda Tanga. Simu yangu ilikuwa imezima chaji, kwa hiyo niliingia kwenye kafe moja ya intaneti huko Ngamiani, nikafungua mfumo wa chuo kwa kompyuta ili niangalie matokeo. Nilikuta jaribio langu likionekana bado linaendelea na maswali yote 12 yakiwa matupu. Nilidhani majibu yamepotea. Nikayajibu upya kwa kukumbuka, bila daftari, huku dakika nilizolipia zikiyoyoma, kisha nikalifunga. Usiku nilipoiwasha simu na kuunganisha mtandao, programu ilinitaarifu kwamba majibu yaliyokuwa simuni yametupwa kwa sababu jaribio hilo lilikwisha kufungwa kwenye mfumo. Nilipata 5 kati ya 12, na yale ya Ijumaa niliyoyafanya kwa utulivu hakuna aliyeyaona.

Nilimpigia mwalimu wa somo. Baada ya kumwamkia na kumweleza, alinijibu kwa upole, "Kijana wangu, mimi huku naona jaribio moja tu lililoletwa Jumamosi saa tisa. Hilo la Ijumaa halikuwahi kunifikia." Hakukuwa na kosa la chuo wala la programu. Programu ilifanya kama ilivyotengenezwa, kwa maana jaribio moja haliwezi kufungwa mara mbili, na lile lililofungwa kwenye mfumo ndilo linalohesabiwa.

Ajabu ni kwamba somo lenyewe la wiki ile lilikuwa limekwisha kunieleza jambo hili. Mhasibu huandika malipo kwenye daftari lake la fedha siku anapotoa hundi, lakini benki huyaandika siku hundi inapofikishwa kwake, na katikati ya siku hizo mbili salio la daftari na salio la benki hutofautiana bila mtu kuiba. Simu ni daftari lako, na mfumo wa chuo ni benki. Tangu siku ile nilianza kusuluhisha masomo yangu kama ninavyosuluhisha hesabu.

Kwanza nilibadili namna ya kupakua. Programu ina alama ya wingu yenye mshale mbele ya kila kipengele, na pia ipo ya kupakua kozi nzima kwa mara moja. Nakushauri uiache hiyo ya kozi nzima, hasa ikiwa unanunua bando. Katika wiki ile ya usuluhisho wa benki programu ilinionyesha kwamba kozi yote iliyobaki ingekula MB 740, wakati maelezo ya kusoma, mifano na jaribio kwa jumla havikufika MB 25. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa video 3 za mihadhara. Nilizoea kuchukua maandishi yote kwanza, kisha video moja tu iliyohusu sehemu niliyoiona ngumu, na nyingine nilizitafutia nafasi kwa bando la usiku wiki nilizolala mjini kwa shangazi, Chumbageni.

Hata hivyo, kupakua hakumaanishi kwamba kila kitu kimeingia. Video zilizowekwa kwa kiungo cha YouTube hazipakuliwi, na ndivyo ilivyo kwa viungo vya tovuti nyingine na vipindi vya moja kwa moja. Ukurasa unaweza kuwa na alama ya kupakuliwa kwa sababu maandishi yake yameingia, lakini ukifika shambani unakuta pale palipokuwa na video pana kisanduku kitupu. Majaribio nayo yana masharti yake. Ni lazima mwalimu awe ameruhusu jaribio lifanyike bila mtandao, na jaribio lenye kikomo cha dakika haliwezi kufanyika hivyo hata akitaka, kwa kuwa saa inayolihesabu iko kwenye mfumo.

Njia ya kuyagundua haya kabla ya kupanda gari ni rahisi, na kwangu ndiyo iliyookoa wiki nyingi kuliko nyingine yoyote. Ukimaliza kupakua, iweke simu katika hali ya ndege ukiwa bado mjini, kisha ufungue kipengele kimoja kimoja. Fungua kila faili hadi uuone ukurasa wa mwisho, cheza video kwa sekunde chache katikati yake, na uingie kwenye jaribio uone kama swali la kwanza linatokea. Kisichofunguka hapo hakitafunguka kambini. Zoezi hili lilinichukua dakika kama 10, na mara mbili lilinionyesha faili lililokatika katikati ya kupakuliwa.

Baada ya hapo ndipo inakuja kazi ya kufuatilia. Moodle huonyesha maendeleo kwa asilimia na kwa alama ya vema, nami kwa muda mrefu niliifurahia asilimia ile bila kujua inahesabu nini. Mwalimu ndiye anayeamua sharti la kila kipengele. Kipengele kimoja huhesabiwa kuwa kimekamilika kwa kufunguliwa tu, kingine mpaka kipate alama, na kingine mwanafunzi mwenyewe ndiye anayebonyeza "Mark as done". Zaidi ya hayo, kila kipengele chenye sharti huhesabiwa sawa na mwenzake, kwa hiyo tangazo la mistari mitatu ulilolifungua lina uzito sawa na kazi uliyoiandika kwa siku tatu, na kipengele ambacho hakikuwekewa sharti hakihesabiwi kabisa. Mwanafunzi mwenzangu mmoja, dada aliyekuwa akisoma akiwa Pangani, alifika asilimia 85 huku hajaleta hata kazi moja ya kuandika, na hakuwa amedanganya mahali popote.

Kwa sababu hiyo niliweka daftari la karatasi lenye safu tatu: kilichopakuliwa na kujaribiwa, kilichofanywa, na kilichofika. Safu ya kwanza niliijaza Jumatano mjini. Ya pili niliijaza kambini. Ya tatu sikuijaza kwa kuangalia alama ya vema, bali kwa kufungua ukurasa wa alama na ukurasa wa kazi yenyewe nikiwa na mtandao, nikaona imeandikwa kwamba imewasilishwa, pamoja na tarehe na saa. Mstari wowote uliojazwa safu ya pili na kubaki mtupu safu ya tatu ulikuwa ni hundi isiyofika benki, na ndio niliouangalia kwanza kila nilipoona mtandao.

Kuyatuma yaliyobaki simuni kunaweza kufanyika kwenyewe programu ikiwa wazi na mtandao ukiwepo, ila usiingoje. Fungua kipengele husika, ufungue menyu yake iliyo juu, uchague "Synchronise now", na ubaki hapo mpaka ile sentensi ya majibu yasiyotumwa itoweke. Angalia pia mpangilio wa programu, kwa kuwa kuna sehemu inayoizuia kutuma chochote yenyewe mpaka ipate Wai-Fai. Mtu anayetegemea bando la simu anaweza kukaa na mtandao siku nzima na kazi isiondoke. Kumbuka vilevile kwamba mfumo huhesabu saa ambayo kazi imeufikia, na si saa uliyoimaliza, kwa hiyo kama mwisho ni Jumapili usiku nawe huna uhakika wa mtandao, mwisho wako wa kweli ni mara ya mwisho utakapokuwa mjini kabla ya hapo.

Katika kipindi ambacho majibu yako simuni peke yake, usiliguse jaribio hilo kwa kompyuta wala kwa simu ya mtu mwingine, hata ukiliona tupu. Utupu huo una maana kwamba majibu hayajafika, na bado yapo kule ulikoyaandika.

Simu nayo iangaliwe katika kipindi hicho. Nafasi ikijaa, wengi wetu huipeleka simu kwa fundi naye huanza kufuta. Katika mipangilio ya Androidi, kubonyeza "Clear cache" hakugusi majibu yako, lakini "Clear data", au "Clear storage" kwa simu nyingine, hufuta masomo yote yaliyopakuliwa pamoja na kila ambacho hakijatumwa, na kuiondoa programu ili uiweke upya hufanya vivyo hivyo. Kama nafasi ni tatizo, futa video ulizokwisha kutazama kupitia programu yenyewe, kwenye sehemu inayoonyesha kila kozi imechukua MB ngapi. Mimi nilifuta za wiki iliyopita kila Jumanne usiku, baada ya kulipitia daftari na kuona hakuna mstari wa wiki hiyo iliyopita wenye safu ya tatu tupu, ili Jumatano nifike mjini simu ikiwa na nafasi ya kupokea somo jipya.