Mkopo wa mashine ya kukamua alizeti: anza na mbegu, si na mashine

Wenye vinu wenzangu wa Singida wananiuliza niliandikaje ombi langu la mkopo likapita. Jibu langu huwa moja: afisa mikopo hakopeshi mashine, anakopesha magunia yatakayopita ndani yake.

Muuzaji atakuambia mashine inakamua kilo 250 kwa saa. Ukizidisha kwa saa 10 kwa siku 300 unapata tani 750, hesabu tamu kweli. Ila alizeti huku huvunwa kuanzia Mei hivi, na kufika mwisho wa mwaka vinu vingi vimezima kwa kukosa mbegu. Ukipeleka tani 750 mezani utaulizwa swali moja tu, utazitoa wapi, na hapo faili lako limekwisha.

Mimi nilipeleka daftari la kaunta. Msimu mzima niliandika kila mteja aliyeondoka na magunia yake kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Jumla ilikaribia tani 60. Kwa malipo ya shilingi 60 kwa kilo, hizo ni milioni 3.6 zilizokuwa zinanipita mlangoni.

Faida ya pili ilikuwa ndani ya mashudu. Kinu kikizeeka, skrubu yake inalika, na mafuta yanabaki kwenye mashudu; ukiyafinya mkononi unaona kiganja kinang'aa. Nilichukua magunia ya mbegu ileile, nusu nikakamua kwangu, nusu kwa jirani mwenye mashine ya aina niliyoitaka, kisha nikapima. Kwangu kilo 100 za mbegu zilitoa kilo 20 za mafuta, kwake 24. Mbegu ninazonunua mwenyewe ni tani 60 kwa msimu, kwa hiyo ni kilo 2,400 za mafuta zaidi. Niliyahesabu kwa shilingi 4,000 kwa kilo, lakini nikatoa 500 kwa kila kilo ya mashudu itakayopungua, maana mashudu nayo ni mali. Inabaki milioni 8.4. Ukijumlisha na ile ya foleni ni milioni 12, na baada ya umeme na vibarua wa ziada inabaki kama 9.5.

Kuhusu ankara kifani, wakopeshaji wengi hutaka tatu. Hazina maana kama hazilingani. Ya kwanza niliyopewa ilikuwa rahisi kuliko zote, kumbe haina mota, haina stata, haina chujio, na usafiri ni juu yangu. Niliwarudia wauzaji wote watatu na orodha moja: mashine, mota ya fezi tatu, stata, chujio, usafiri hadi kinuni, ufungaji, kodi ya ongezeko la thamani, vipuri vya mwanzo, na tarehe ambayo bei itakoma. Iliyokuwa rahisi ikawa ya pili kwa ughali. Niliyochagua ilifika milioni 18. Kama huna umeme wa fezi tatu, ulizia TANESCO gharama ya kuuvuta kabla hujaandika chochote, kwa sababu inaweza kuvuruga hesabu yote.

Nilitanguliza asilimia 20, nikakopa milioni 14.4 kwa miaka mitatu. Kwa riba ya asilimia 18 inayopungua na deni, mwaka wa kwanza ni kama milioni 7. Kwenye 9.5 inatosha. Nikaongeza ukurasa wa mwaka mbaya: mbegu zikipungua kwa theluthi, ziada inashuka hadi 6.3, pengo ni laki saba, na nikaonyesha stoo ya mafuta itakayoliziba. Afisa aliusoma ukurasa huo kuliko mingine yote. Pia niliomba marejesho makubwa yaangukie miezi ya kukamua, na madogo miezi ambayo kinu kimelala.

Kwenye dhamana, mashine yenyewe ndiyo ya kwanza, na kwa mkopo wa namna hii umiliki unaweza kubaki kwa mkopeshaji hadi umalize. Ndiyo maana anataka namba ya mashine na bima inayomtaja yeye kuwa wa kwanza kulipwa. Kama kinu kiko kwenye jengo la kupanga, atataka barua ya mwenye jengo inayokiri kwamba mashine si mali yake hata ikiwa imefungwa sakafuni. Mashine isipotosha ataomba hati ya nyumba, na kama ndiyo nyumba ya familia, ridhaa ya mwenza ni takwa la sheria ya ardhi. Zungumza na mama watoto mapema, si asubuhi ya kusaini.

Fedha hazipiti mkononi mwako. Zinaenda kwa muuzaji ukishasaini hati ya mapokezi. Usiisaini mashine ikiwa bado kwenye lori. Ifungwe kwanza, ikamue mbegu zako mpaka ipate moto, mashudu yapimwe.