Maswali ya dakika tano za mwisho kwenye kipindi cha dini, mfano wa zaka

"Wakuu habari za jioni. Nimeripoti kituo kipya huku Tandahimba, nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, EDK, darasa moja lina watoto zaidi ya themanini. Mwalimu wa taaluma anataka kila kipindi kiishe na kikaratasi cha kupima kama wameelewa. Mimi huwa nauliza mmeelewa, wanajibu ndiooo, kengele inagonga. Sasa kwenye dini unauliza swali gani la dakika tano? Na vikaratasi themanini nasahihisha saa ngapi?"

Karibu kusini mwalimu. Mimi niko Lindi, EDK ndo somo langu, na hivi vikaratasi navitumia kila wiki, japo sio kila kipindi. Nianze na hilo la kusahihisha maana ndo linalowakatisha tamaa wengi: husahihishi. Huweki alama, huandiki "vizuri", hurudishi. Unavisoma na kuvigawa mafungu kwa aina ya jibu, basi, na kama swali limetengenezwa vizuri vikaratasi themanini unavimaliza muda wa chai. Alama ukiziingiza tu watoto wanaanza kuchungulia kwa jirani na hapo unakuwa unapima jirani.

Kazi yote iko kwenye swali. Na somo letu lina ugumu wake ambao mwenzako wa hesabu hana, watoto wa huku wengi wamepita madrasa, wanajua maneno kwa kichwa kabla hujafungua mdomo. Ukiuliza "zaka ni nini" au "taja nguzo tano" watapata wote, na wangepata hata kama siku hiyo usingefundisha, kwaiyo hujajua chochote. Ukiuliza "umejifunza nini leo" utaletewa "nimejifunza zaka". Swali zuri ni lile ambalo mtoto aliyekariri bila kuelewa atalikosa, na akilikosa wewe ujue kakosea wapi.

Nikupe moja nililotumia kidato cha pili baada ya kufundisha masharti ya zaka ya fedha. Siku hiyo nilitaka kujua mambo mawili tu yameingia: nisabu, yani kiwango cha chini cha mali ambacho kikifikiwa ndo zaka inadaiwa, na mwaka kupita mali ikiwa bado imefika nisabu. Sio wanaopewa zaka wale wanane wa Surat Tawba aya ya 60, hao wana kikaratasi chao siku nyingine. Swali liliandikwa ubaoni hivi:

Bi Somoe aliuza korosho Mfungo Saba akapata shilingi 30,000,000. Mwezi wa Ramadhani akajenga nyumba ya kuishi, zikabaki 8,000,000. Mfungo Saba iliyofuata bado ana 8,000,000 hizo hizo na hana fedha nyingine. Chukulia nisabu ni 25,000,000. Je, ana zaka ya kutoa kwenye fedha hizi?
A. Ndiyo, 750,000
B. Ndiyo, 200,000
C. Hapana, kwa sababu fedha ilishuka chini ya nisabu kabla ya mwaka kutimia
D. Hapana, kwa sababu korosho hazina zaka
Andika herufi, kisha sentensi moja inayoanza na "kwa sababu".

Jibu ni C. Lakini angalia yale matatu mengine, hayakuwekwa kujaza nafasi. Anayechagua A kachukua asilimia 2.5 ya milioni 30, yani anajua kiwango ila kwake zaka inadaiwa siku pesa inapoingia mkononi, mwaka kwake haupo. Anayechagua B kasubiri mwaka ukapita, kapiga asilimia 2.5 ya milioni 8, hesabu yake safi kabisa, ila kasahau kuangalia kama hiyo milioni 8 inafika nisabu. Kwaiyo A na B wote wamekosa lakini wanahitaji mafundisho tofauti, na ukiwa na alama ya kukosa peke yake usingewatenganisha.

D ndo niliitega kwa makusudi. Sisi pwani hii wengi ni Mashafii, na kwa Shafii zaka ya mazao iko kwenye chakula kikuu kinachowekwa akiba, mahindi, mtama, mpunga, pamoja na tende na zabibu, korosho haimo. Mtoto kayasikia hayo nyumbani na kayasikia sawa. Ila swali linauliza fedha ambazo zimeshatoka kwenye korosho na zimekaa mwaka, na fedha ina hukumu yake. Kwaiyo wa D anasema "hapana", na hapana ndo jibu, ila sababu yake ingempeleka pabaya kesho kutwa. Ungeuliza ndiyo au hapana peke yake ungempa vema ukaendelea na safari. Na hii ndo sababu ya ile sentensi ya "kwa sababu", maana kwenye herufi nne mtoto anaweza kubahatisha, kwenye sentensi habahatishi. Nilikuta mmoja kaandika C halafu "kwa sababu amejengea nyumba na nyumba haina zaka". Ni kweli nyumba ya kuishi haina zaka, ila huyo hajatamka nisabu wala mwaka, nikamweka fungu lake.

Siku ile fungu la D lilikuwa kubwa kuliko yote. Kipindi kilichofuata sikurudia somo zima, nilitumia kama dakika saba za mwanzo. Nikaandika ubaoni Bi Somoe yule yule, korosho zile zile, ila safari hii hakujenga, zikabaki milioni 27 mwaka mzima wa mwezi mwandamo hazikushuka chini ya hapo. Nikasema wanaosema hana zaka wanyooshe mikono. Waliokuwa D wakanyoosha, na wale wa C wakaona wenyewe kwamba jibu lao sasa limegeuka, anatoa 675,000. Nikawaacha wabishane kidogo, binti mmoja wa benchi la nyuma akasema "mwalimu korosho ameshaziuza, sasa hivi anazo hela", na darasa likamwelewa haraka kuliko walivyonielewa mimi.

Nisabu niliwapa kwenye swali kwa makusudi. Ya dhahabu ni kama gramu 85 na bei inapanda na kushuka, na wapo wanaopima kwa fedha yenyewe, ile silva ya gramu 595, inakuwa chini sana. Ukimwachia mtoto atafute nisabu unapima vitu vitatu kwa pamoja. Na pale wanazuoni wanapotofautiana andika "kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii" au tunga swali ambalo jibu halibadiliki, kama hili, maana ukishataja nisabu ya milioni 25, mwisho wa mwaka milioni 8 iko chini yake kwa kila madhehebu. Mtoto ambaye baba yake ana msimamo mwingine asihesabiwe mjinga kwa kikaratasi chako.

Kuhusu utendaji. Karatasi moja ya A4 inatoa vipande vinane, kwaiyo themanini ni karatasi kumi, na kama hazipo robo ya ukurasa wa nyuma wa daftari inatosha. Swali liandike ubaoni kabla ya kipindi upande ambao hutaufuta, ulifunike na gazeti. Simamisha somo dakika saba kabla ya kengele, sio tano, kugawa vipande tu kunakula dakika mbili. Mabenchi ya kulia na kushoto wape tarakimu tofauti, mmoja Bi Somoe kabaki na 8, mwingine na 27, kunakili kunapungua sana. Kiranja anasimama mlangoni anapokea. Somo likichelewa na zimebaki dakika mbili, acha, usikusanye vikaratasi vya kukimbizana na kengele maana utasoma mwandiko wa haraka ukadhani ni ujinga.

Jambo ambalo nakuomba sana usilifanye: usiulize ibada ya mtoto. Nimeona vikaratasi vya "leo umeswali swala ngapi" au "utaacha dhambi gani". Mtoto atakuandikia unachotaka kusikia, umemfundisha kudanganya ndani ya kipindi cha dini, na kama kaandika ukweli umebeba siri ambayo haikuhusu. Pima alichofundishwa. Imani yake ni kati yake na Mola wake, na kikaratasi hakiwezi kuipima hata ukitaka.

Mada za tarikh nazo zinawezekana, ila hapo watu wanakimbilia miaka. "Hijra ya Madina ilikuwa mwaka gani", 622, wamemaliza. Mimi nauliza hivi: Waislamu walikimbilia Uhabeshi mwaka 615, na Madina mwaka 622. Taja kitu kimoja walichokipata Madina ambacho Uhabeshi hawakuwa nacho. Akiandika "amani" hajaelewa, maana kwa Najashi, mfalme wa Uhabeshi, amani ilikuwepo. Akiandika kwamba Madina walikuwa na uongozi wao wenyewe, au Mtume mwenyewe alikuwa nao, huyo kaelewa kwanini kalenda inahesabiwa kuanzia hapo.

Na sio EDK peke yake. Mwenzangu wa Masasi anafundisha Maarifa ya Biblia, aliwahi kunionyesha swali lake la Msamaria Mwema nikalipenda. Anawaachia Biblia wazi, Luka 10 mstari wa 36 na 37, halafu anaandika: Mwanafunzi wa kwanza anasema jirani yako ni yeyote mwenye shida. Wa pili anasema jirani ni yule aliyetenda huruma. Yupi yuko karibu zaidi na maneno yaliyo kwenye mistari hii? Wengi wanakimbilia wa kwanza maana ndo wanavyosikia siku zote, wakati Yesu pale anauliza nani alikuwa jirani wa yule aliyepigwa, na mwanasheria anajibu ni yule aliyemwonea huruma. Kwa swali hilo anaona nani kasoma mistari na nani kajibu kwa mazoea. Na kwa kuwa somo lake mtihani wake ni wa Kiingereza, kwenye kikaratasi anawaruhusu waandike Kiswahili, asije akachanganya asiyejua Injili na asiyejua lugha.

Ukitaka kutunga la kwako anza na jibu sahihi, halafu jiulize mtoto aliyeshika sharti hili akaacha lile angejibu nini, hayo ndo majibu yako mengine. Daftari za mwaka jana na mitihani ya zamani ya darasa lako zimejaa makosa ya kweli, chukua humo, usibuni. Ukikosa majibu ya uongo yenye maana, achana na herufi, uliza sentensi moja. Wiki hii unafundisha mada gani? Liweke swali hapa kabla hujaliandika ubaoni, tuliangalie pamoja.